Orodha ya Mnyapara

Tangazo lilikuwa limebandikwa siku tisa kwenye mlango wa chumba cha kufulia nguo za hospitali, na kwa siku hizo tisa Mtafiti hakujua raha ya kuketi wala ya kusimama. Alikuwa mama wa makamo aliyerudi chuoni baada ya wanawe kujitegemea, naye alichunguza maumivu ya mgongo na mikono ya watu wanaofua mashuka ya wagonjwa. Alihitaji watu kumi wa kuhojiwa. Kibali chake cha utafiti kilikuwa kimebakiwa na wiki tatu tu za uhai, na simu yake, ambayo aliiweka hata kando ya msala wa kuswalia, ilikuwa kimya kama iliyofiwa.

Alilisoma tangazo lake upya kama mtu atafutaye unywele katika unga: "Mahojiano huchukua dakika arobaini na tano. Chagua siku na saa ikufaayo, hata Jumamosi, ana kwa ana au kwa simu. Kuweka nafasi, piga au tuma ujumbe kwa namba hii. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Na baada ya mahojiano, ukiniarifu ndani ya siku kumi na nne, maneno yako yatafutwa." Kosa hakuliona.

Siku ya kumi, Mnyapara wa chumba kile, mama mnene mwenye sauti ya kuzima mashine, alimkabidhi karatasi.

"Shika, mwanangu. Watu kumi, majina na saa zao. Ungewangoja hawa wakupigie, ungeota mvi."

"Wamekubali wote, mama?"

"Mimi nimekubali. Inatosha."

Mtafiti alicheka pamoja naye, akaikunja karatasi mkobani kwa furaha iliyochanganyika na kitu kama mchanga ndani ya kiatu.

Kesho yake saa nne asubuhi, katika chumba kidogo cha akiba chenye harufu ya sabuni, aliingia wa kwanza: mpiga pasi mzee, mikono yake imejaa makovu ya moto. Kabla ya salamu kukamilika akauliza, "Nisaini wapi, dada, nisije nikaandikwa mtoro?"

"Mtoro wa nini?"

"Jina langu lipo kwenye ratiba ya zamu. Saa nne, mahojiano. Saa tano, pasi."

Mtafiti akamweleza kwamba ana haki ya kukataa. Mzee akatabasamu kwa huruma, kama mtu aambiwaye na mtoto kwamba mvua inaweza kukatazwa.

"Kukataa? Umtafute mwingine wa kumwambia mama yule hapana. Wewe uliza tu, nitajibu yanayopendeza."

Kinasa sauti kilikuwa mezani, hakijawashwa. Kidole cha Mtafiti kilikuwa juu yake. Watu kumi walikuwa tayari; kazi ya miaka miwili ingekamilika kwa siku tano, na nani angejua? Lakini wahenga hawakusema bure kwamba hiari yashinda utumwa, na yeye alijua kwamba Mola wake hahitaji kusomewa orodha. Akakirudisha kinasa mkobani.

"Leo hatuhojiani, baba. Rudi kazini, hutaandikwa kitu."

Akaenda moja kwa moja kwa Mnyapara.

"Mama, umenifadhili, lakini orodha hii siwezi kuitumia. Mtu akija kwa kuogopa kuandikwa mtoro, maneno yake si ushahidi tena. Naomba uwatangazie mbele yangu kwamba imefutwa."

"Ama kweli, shukrani ya punda," alisema Mnyapara. Akanuna, akapanga mashuka yasiyohitaji kupangwa. Hatimaye akapaza sauti: "Sikieni, ile ratiba ya mama wa chuo imekufa. Anayetaka, ampigie mwenyewe. Asiyetaka, afue."

Mtafiti akahamishia mahojiano maktaba ya mtaa, mbali na macho ya Mnyapara, akamgawia kila mfuaji kikaratasi chenye namba yake. Kisha akamwandikia mwalimu wake msimamizi wa chuoni, akamsimulia yote bila kujisitiri, akaomba kibali kiongezwe muda. Jibu halikuja. Wiki ikapita: wawili wamepiga simu. Ya pili: watano kwa jumla, mmoja wao akajitoa kwa ujumbe wa neno moja, naye akamjibu, "Asante, haina shida," kisha akazunguka sebuleni mpaka mumewe akamwambia atatoboa zulia.

Jumamosi ya mwisho, wanne tu mkononi na kibali kikibakiwa na siku mbili, mpiga pasi mzee alisukuma mlango wa maktaba. Alikuwa ameweka nafasi mwenyewe, kwa simu ya binti yake.

"Maswali yanayomhusu Mnyapara siyajibu," alisema kabla ya kuketi.

"Tutayaruka."

"Na nikichoka?"

"Utaondoka."

Mzee akaiangalia saa ya ukutani, akaweka mikono yake yenye makovu mezani, viganja juu.

"Basi washa. Tuanze na hii ya kushoto."