Biberoni Katikati ya Mabati

Duka langu la mabati hapa Mudzipela nililijenga mwenyewe, bila kumaliza shule, bila kuogopa mtu. Lakini siku bibi yangu aliporudi kazini hospitali, binti yetu wa miezi minne alikataa biberoni, chupa yake ya maziwa, tangu asubuhi, nikaogopa atakauka mikononi mwangu. Niliisukuma mdomoni, akalia mpaka akakohoa.

"Yaya, usimulazimishe, huyu haiko bati," dada yangu mdogo, anayeniita yaya kama kaka mkubwa, alinifokea. "Anyamaze kwanza. Gusisha tu mudomo, afungue mwenyewe."

Nikambembeleza nikitembea dukani, wateja wakinicheka mimi mwenye duka: "Patron amekuwa mama!" Alipotulia, nilimgusisha mdomoni, kutoka biberoni, tone vuguvugu la maziwa aliyokamua mama yake. Akageuka. Nikangoja, nikajaribu tena. Mara ya tatu akafungua, akavuta kidogo. Niliogopa hata kupumua.