Migongano Sifuri

Kama hujawahi kutengeneza ratiba ya shule, mshukuru Mungu. Mimi nimeitengeneza miaka sita katika shule ya kutwa juu kidogo ya Githongo, kule kahawa inakoanza kuachia majani chai nafasi, na ningeliulizwa leo kazi gani humtoa mtu utu wake polepole, ningejibu bila kufikiri. Walimu thelathini na mmoja, madarasa tisa, maabara moja, na kila mtu ana sababu. Huyu hataki kipindi cha kwanza kwa kuwa ng'ombe wake hukamuliwa saa kumi na mbili. Yule hataki Ijumaa alasiri. Wa Dini anataka vipindi vyake viwe asubuhi, wanafunzi wakiwa bado wana roho safi. Wote wanakujia wakati una kikombe cha chai mkononi.

Miaka minne ya kwanza nilitumia karatasi kubwa ya manila, penseli na kifutio. Kisha nikapata programu ya kompyuta, na nikabadilika tabia. Lazima nieleze jinsi ilivyofanya kazi, kwa sababu kosa langu lilikaa humo humo. Kila mwalimu alipewa kodi, yaani code, herufi mbili tatu za jina lake. Kila darasa lilikuwa na kodi, na kila chumba pia. Ukiweka kipindi kwenye gridi, lile jedwali la siku na saa, unaandika nani, darasa gani, chumba gani. Programu inatazama saa hiyo hiyo kote kwenye gridi: ikiona kodi moja ya mwalimu mahali pawili, inapaka seli zote mbili nyekundu. Ikiona chumba kimoja kimepewa watu wawili, vivyo hivyo. Chini kabisa kuna mstari unaohesabu migongano.

Siku ya kwanza ilinikamatia maabara. Jumatano kipindi cha tano nilikuwa nimewaweka Kidato cha Nne wa Kemia na Kidato cha Tatu wa Biolojia ndani ya chumba hicho kimoja, na kwenye manila nisingeona mpaka walimu wawili wakutane mlangoni wakiwa na nyuso zilizokunjamana. Nilisogeza Biolojia, wekundu ukaondoka, mstari wa chini ukasoma: Migongano 0. Nilicheka peke yangu ofisini. Tangu siku hiyo mtu akinijia na malalamiko nilikuwa namwonyesha mstari ule kama askari anavyoonyesha kitambulisho.

Muhula wa pili mwalimu wetu mmoja wa Hisabati na Fizikia akaenda likizo ya uzazi. Tulimwita madam, kama tulivyowaita walimu wote wa kike. Katika shule yetu mwalimu akienda likizo ya uzazi hakuna anayeletwa. Vipindi vyake hugawiwa aliyepo. Aliyepo alikuwa mwalimu kijana aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba, msichana kutoka Kanja, upande wa Embu, mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa tayari anafundisha Hisabati mikondo miwili ya Kidato cha Pili. Naibu wa mwalimu mkuu alisema tu pale chumba cha walimu, "Madam mdogo atachukua vipindi vya madam mkubwa." Basi. Kila mtu akarudi kwenye sahani yake ya githeri.

Nami nilifanyaje? Sikufanya kitu. Ratiba ilikuwa imeshachapishwa, imebandikwa kila darasa. Kodi ya madam mkubwa niliiacha ilivyo kwenye gridi, kwa hoja kwamba muhula ujao atarudi na sitaki kubomoa nyumba kwa ajili ya mgeni wa miezi mitatu. Nilimchapishia yule msichana karatasi mbili: ratiba yake, na ratiba ya madam mkubwa. Nikamwambia afuate zote mbili.

Siku ya tatu alinijia. Nakumbuka nilikuwa nikibishana na mwalimu wa ng'ombe.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Hizi ratiba zinagongana. Jumanne kipindi cha nne niko Kidato cha Tatu, na hapa tena niko Kidato cha Pili."

Alikuwa ameshika zile karatasi mbili, moja kila mkono. Sikuzitazama. Naomba hilo lieleweke vizuri, kwa sababu nimejaribu mara nyingi kulisimulia kwa namna itakayonipendeza na limekataa. Niligeuza kompyuta nikamwonyesha mstari wa chini.

"Unaona? Zero. Kama kungekuwa na clash, hii kitu ingekuwa red. Kasome ratiba yako vizuri, mwalimu."

"Sawa," akasema, akaenda.

Mtu wa mkataba hasemi mara mbili. Hilo nililijua, nimewahi kuwa mtu wa mkataba mimi mwenyewe, lakini siku ile lilinitoka kichwani kwa urahisi wa ajabu.

Akaanza kukimbia. Dakika arobaini za kipindi alizikata mara mbili: ishirini kwa Kidato cha Tatu, kisha anavuka uwanja anawapa Kidato cha Pili ishirini zilizobaki, ikiwa Kidato cha Tatu hawakumshika na maswali. Nilimwona siku moja akivuka kwenye mvua na vitabu chini ya sweta, nikamwambia mwenzangu, "Hawa walimu wa siku hizi hawajui kupanga muda." Nilisema hivyo. Mimi.

Shuleni kwetu kila darasa lina rejista ya vipindi. Katibu wa darasa, mwanafunzi aliyechaguliwa, anaandika mwalimu kafika au hakufika, na saa ngapi. Wiki ya saba naibu alizikusanya rejista akazijumlisha. Jina la yule msichana katika Kidato cha Pili lilifuatwa na "alichelewa", "alichelewa", "hakufika", "alichelewa", ukurasa baada ya ukurasa. Wazazi wawili walikuwa wameshalalamika. Naibu akamwita, na aliposema vipindi vyake vinagongana, naibu akaniita mimi.

Niliingia na karatasi. Nilikuwa nimeichapisha maalumu: ripoti ya ukaguzi, mistari yote safi, na chini kabisa Migongano 0. Niliiweka mezani mbele ya msichana mwenyewe. Aliiangalia, akaniangalia. Naibu alisema bodi ilishaamua kwamba mkataba utakatishwa Ijumaa. Nilitoka nikijisikia vibaya kidogo kwa ajili yake, vile mtu hujisikia kwa mgonjwa wa jirani, nikaenda kunywa chai.

Jumatatu iliyofuata naibu akaja na agizo. Mwalimu mpya angeanza wiki hiyo, na angechukua kila kitu: vya msichana na vya madam mkubwa. "Safari hii muweke vizuri kwa ratiba, mwalimu. Jina lake liwe kwa ubao, sio la mtu mwingine."

Nikakaa. Nikatengeneza kodi mpya. Nikaiambia programu: kila palipo na kodi ya msichana, weka hii. Sawa. Kila palipo na kodi ya madam mkubwa, weka hii. Nikabonyeza.

Skrini ikawa nyekundu. Seli kumi na mbili, mbili mbili, vipindi sita kwa wiki. Jumanne kipindi cha nne ilikuwa ya pili kutoka juu.

Nililaani kompyuta kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikafuta, nikarudia, ikarudi nyekundu ile ile. Ndipo nikaelewa. Programu haikujua madam mkubwa yuko nyumbani ananyonyesha. Haikujua kwamba kodi zile mbili zilikuwa miguu miwili ya mtu mmoja. Ilikuwa inalinganisha kodi na kodi, na mimi nilikuwa nimempa binadamu mmoja kodi mbili, na vyumba navyo vilikuwa tofauti, kwa hiyo navyo havikuwa na la kusema. Ile sifuri ilikuwa ya kweli. Ilijibu swali nililouliza, ila swali lenyewe ndilo lililokuwa la kijinga.

Nilikasirika sana, na ubaya ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilichapisha ile gridi nyekundu nikampelekea naibu.

Aliitazama, akanirudishia. "Barua imeshatoka," akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwalimu."

"Haya hayajamwagika yenyewe. Ni mimi niliyamwaga. Andika hivyo."

"Unataka niambie bodi kwamba tulimfukuza mtu kwa sababu yako?"

"Ndiyo. Na mwalimu mpya hawezi vipindi hivi pia. Hata malaika hawezi."

Nadhani ni hilo la mwisho lililomshawishi, wala si haki. Alisema kama nitasogeza vile vipindi sita, na kama nitakubali iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano wa walimu kwamba kosa ni langu, atamwomba mwenyekiti wa bodi aiondoe barua na asimlete mwalimu mpya. Iliandikwa. Mwalimu wa ng'ombe aliomba isomwe mara ya pili, eti hakusikia vizuri.

Kusogeza vipindi sita kulinichukua siku mbili na nusu. Ukigusa kimoja, kinasukuma cha Kiswahili, cha Kiswahili kinasukuma cha Dini, cha Dini kinataka maabara ambayo hakina haja nayo. Safari hii nilimwandika msichana kwa kodi moja tu, yake. Wekundu ulipoisha sikuuamini, nikakaa na kalamu nikamfuatilia yeye kwa kidole, kipindi baada ya kipindi, Jumatatu hadi Ijumaa, nikijiuliza kila mara miguu yake iko wapi.

Kisha nikampigia simu. Alikuwa amesharudi Kanja, nyuma yake nilisikia kuku na mtu akipasua kuni. Nilimweleza yote, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa.

"Nitarudi," akasema. "Lakini wale watoto wa Form Two wanajua mimi ni mwalimu wa kutoroka. Mimi siwezi kuwaambia sivyo. Utawaambia wewe."

Nilitaka kusema naibu anaweza kutangaza kwenye gwaride la asubuhi. Nikasema sawa.

Jumatatu nilisimama mbele ya Kidato cha Pili. Yeye alibaki nje ya mlango na chaki zake, hakutaka kuingia mpaka nimalize. Niliwaeleza kuhusu kodi na gridi, na kwamba kila walipoandika "hakufika" alikuwa anafundisha ng'ambo ya uwanja, na kwamba aliyempanga hivyo ni mimi. Walisikiliza kwa ule utulivu wa watoto wanaoona mtu mzima akivuliwa koti.

Msichana wa dawati la mbele, katibu mwenyewe wa darasa, akainua mkono.

"Mwalimu, kwani yeye hakukuambia?"

"Aliniambia," nikasema.

Aliendelea kunitazama, akisubiri sehemu iliyobaki. Haikuwepo. Nilitoka, nikampisha mwalimu mlangoni, na nikiwa barazani nikaangalia saa: nilikuwa nimemlia dakika nane za kipindi chake.