Siku Mama Mizani Aliponigeuzia Mgongo

Zahanati yetu ina mizani ya kuning'inia kwenye kulabu, karibu na mlango wa nyuma. Anayeisimamia ni muuguzi mnene mwenye sauti ya kukwaruza, anayechomeka kalamu kwenye nywele kisha anaitafuta mezani. Tumempa jina la Mama Mizani. Amepima watoto miaka ishirini na miwili. Wengine aliowapima sasa wanamletea watoto wao, naye huwapokea kwa maneno yale yale: "Wewe ulinikojolea mkono huu huu. Haya, foleni ile kule."

Mimi nilimjua hivyo tu, mtu wa kelele na utani, mpaka mwanangu alipofika miezi mitatu.

Wakati huo mama mkwe ndiye aliyekuwa akimwogesha mtoto. Nilimwambia mgongo unaniuma. Mgongo haukuwa na neno. Tatizo lilianza wiki ya pili baada ya kujifungua. Nilikuwa nimeinama juu ya beseni, mkono mmoja chini ya shingo ya mtoto, ghafla nikaona kichwani picha ya mkono wangu mwenyewe ukimkandamiza majini. Sikuitaka picha ile. Iliingia bila hodi. Nilimtoa mtoto na povu lake nikamkumbatia mpaka gauni likalowa. Tangu siku hiyo ikawa inarudi, na wenzake wakaifuata: kisu, ngazi, mto wa kulalia. Kisu nilikificha chini ya gunia la mkaa, nikawa nachana kabichi kwa vidole.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "kabichi hii imekatwa au imepigana na paka?"

Tukacheka wote. Lakini nilijiambia, wakijua kilichomo kichwani mwangu, watamchukua mtoto. Nilikuwa nikiomba jambo moja tu, wasimchukue.

Siku ya kliniki mama mkwe aliamka goti limevimba, ikabidi niende peke yangu. Zamu yangu ilipofika, nikaiona ile suruali ya kupimia ikining'inia na sakafu ya saruji chini yake. Ikaja picha ya mtoto akiniponyoka mikononi. Nikamgeukia mwanamke wa nyuma yangu. "Dada, nisaidie kumvalisha, mimi kidole kinaniuma."

Mama Mizani alisoma uzito, akaandika kwenye kadi, akasema polepole, "Mwezi uliopita alivalishwa na bibi yake. Leo jirani. Wewe kaa pale, nikimaliza foleni tuzungumze."

Nilikaa. Ningeweza kukimbia, lakini kadi ya mtoto alikuwa nayo yeye.

Alinipeleka kwenye chumba kidogo chenye pazia la kijani. Humo alikuwemo muuguzi mgeni, binti aliyehitimu juzi, viatu bado vyeupe. Mama Mizani alikaa kwenye kiti kando yangu, si nyuma ya meza. Aliniambia, "Mama wengi wakishajifungua huingiwa na mawazo ya kutisha. Mtoto kaanguka, mtoto kaumia. Wengine hujiona wao wenyewe wakimuumiza. Je, wewe yamekupata?"

Katika maisha yangu sikuwahi kusikia mtu akitamka jambo lile, tena kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za kikohozi. Nililia mpaka nikaanza kwikwi. Halafu nikasema yote. Beseni, kisu, ngazi.

Muuguzi mgeni alishaanza kuandika. "Dada Mkuu," akanong'ona, "huyu si tumtenganishe na mtoto? Niite ustawi wa jamii?"

Nikamshika mwanangu kwa nguvu, akalalamika.

"Weka kalamu chini," Mama Mizani akamwambia. "Hatujauliza bado."

Akauliza, moja moja, bila haraka. Mawazo hayo yakija, unayafurahia au yanakutisha? Yananitisha, nikasema, natamani nikivue hiki kichwa. Unafanya nini yakija? Namweka mtoto mbali, naficha vitu, nakagua kama anapumua. Umewahi kumuumiza, au kupanga kumuumiza? Hapana. Unasikia sauti inayokuamrisha? Hapana. Unaamini mtoto huyu si wako, au ana ubaya ndani yake, au ametumwa? Nikamtazama mwanangu, anatafuna kidole. "Huyu? Hapana." Mtoto akilala na wewe unalala? Kidogo. Umewahi kutaka kufa? Nikamfunika mtoto miguu. "Nilitamani kutoweka, ili yeye awe salama. Kujiua sijafikiria." Swali hilo alilirudia mara mbili kwa njia tofauti, hakulipita juu juu.

Kisha akamgeukia yule binti. "Umesikia? Angesema sauti zinamwamrisha, au mtoto kageuka shetani, au yuko macho siku tatu bila usingizi na anaongea yasiyoeleweka, au mawazo haya anayaona sawa tu, hapo tungempeleka hospitali leo hii, wala tusingemwacha peke yake na mtoto hata dakika moja. Huyu ni tofauti. Huyu anayakimbia. Ni maradhi ya wasiwasi, yana matibabu. Yanamshika mtu pale anapopenda zaidi."

"Lakini tukikosea?"

Mama Mizani aliitafuta kalamu mezani, akaikuta kichwani.

"Nilishakosea. Mwaka wangu wa nne kazini mama mmoja aliniambia maneno kama haya. Niliogopa, nikaandika 'hatari' bila kuuliza hata swali moja. Mtoto akapelekwa kwa shangazi miezi minane. Maziwa yakakauka. Aliporudishiwa, mtoto alimlilia shangazi." "Yule mama bado namkuta sokoni. Hunisalimia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma."

Akamwambia binti aandike, naye akatamka neno kwa neno: mama ana mawazo asiyoyataka, yanamtisha, hana mpango wa kudhuru, hana sauti, mtoto abaki na mama, apelekwe kwa mshauri, arudi Jumatano, hali ikibadilika, aje siku hiyo hiyo.

Mtoto abaki na mama. Niliyarudia maneno hayo kimoyomoyo.

"Sasa," akasema, "uzito ule ulipatikana kwa mikono ya jirani. Nenda ukampime mwenyewe."

Tulirudi kwenye kulabu. Picha ya sakafu ikaja tena. Mama Mizani alinitazama mara moja, kisha akanigeuzia mgongo, akaanza kupanga kadi kwenye rafu. Mgongo mpana wa sare iliyofifia. Hakugeuka hata kidogo. Niliutazama kama mtu anavyotazama mlima kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na mtu duniani aliyejua kila kilichomo kichwani mwangu, na bado aliniachia mtoto.

Nikamvalisha. Kilo sita na robo.

Mshauri wa hospitali kubwa alinifundisha kuliacha wazo lije na liondoke bila kulikimbia, hatua kwa hatua: leo kukaa na mtoto karibu na beseni tupu, kesho na maji kidogo. Daktari alinipa pia vidonge vinavyofaa kwa anayenyonyesha. Mama mkwe nilimwambia. Akasema, "Basi kisu changu kiko wapi?"

Jumatano ya tatu nilimuuliza Mama Mizani kwa mara ya ishirini labda, "Una uhakika sitamfanya kitu?"

"Jibu nilikupa, mwanangu. Nikilirudia leo, kesho utalitaka tena. Nenda ukaishi bila jibu."

Nilimkasirikia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikajaza beseni, nikakunja mikono ya gauni. Wazo likaja, likasimama pale kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Nikaendelea kupaka sabuni, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu. Mwanangu akapiga maji kwa kiganja, yakaniingia machoni, akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kwa sababu siku zote alikuwa akiogeshwa na mtu mwingine.