Maji Matamu ya Kwa Tausi

Sheikha alikuwa na sauti ya kusikilizwa. Wazee aliowahudumia majumbani mwao huko Kilburn, wengine wamesahau hata majina ya watoto wao, walitulia akiwasemesha, wakafungua midomo, wakala. Ndiyo maana jumuiya ya Waunguja wa London ilipoamua kutengeneza video ya kujikinga na kipindupindu, kazi ya kuyaandika maneno na kuyasoma ilimwangukia yeye.

Video ilikuwa ya Kwa Tausi, mtaa aliozaliwa. Nyumba zimebanana pale hata mtu akipiga chafya chumbani kwake, jirani anamwombea afya chumbani kwake. Vyoo vya shimo vimesogeleana na visima. Masika yalikuwa yanakaribia, na mtaa wa pili watu walikwisha kulazwa. Mdogo wake Haifa alikuwa bado anaishi pale, katika nyumba ileile ya baba yao. Sheikha aliondoka akiwa msichana, na katika miaka yote hiyo alirudi mara moja tu, kuzika, akakaa siku chache kwa binamu yake nje ya mji.

Aliandika jikoni, baada ya zamu, karatasi ameigawa katikati: kushoto picha, kulia maneno. Mwanzo ulimtoka bila kusita. Kushoto: mwanamke anakipa mgongo kisima, anakwenda kwenye bomba, anakinga ndoo. Kulia: "Bomba letu la Kwa Tausi, maji yako matamu, yamepita mchangani, yamechujwa na Mola. Tuache kisima. Tunywe ya bomba."

Kulikuwa na mengine mazuri: kunawa kwa sabuni, kufunika chakula, kumpeleka mgonjwa kituoni mapema. Lakini ni ule mwanzo uliowashika. Aliusoma sebuleni kwa Ami Hafidh, mwenyekiti wa jumuiya, kule Rayners Lane, na mzee yule akavua miwani.

"Wallahi umenirudisha," alisema. "Tukitoka chuoni kusoma Kurani tunapanga foleni pale, tunakinga kwa viganja. Maji baridi hayo, tumbo linashukuru."

"Hukuwahi kuumwa, Ami?"

"Kuumwa na nini? Naliumwa nilipofika huku, nikala samaki wao wa kwenye karatasi."

Wote walicheka. Hakuna aliyeuliza bomba lile likoje leo. Kila mmoja pale alikuwa amelibeba lake kichwani, na vichwani mwao maji yake hayakuwahi kukatika.

Kesho yake Sheikha aliusoma mwanzo ule kwenye simu, akaurekodi, akampelekea Haifa. Sikiliza tu, alimwambia, uone kama nimeanza kusema kama Mzungu. Akamwomba pia ampigie picha za bomba, binti yake Najla apate za kuunganisha kwenye video.

Picha zilikuja baada ya siku kadhaa. Najla alizifungua kwenye kompyuta pale mezani. Alizaliwa London, Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Mama yake alikuwa anakatakata vitunguu.

"Mama," alisema, kisha akauliza kwa lugha yake kwa nini mpira wa maji umelala ndani ya mtaro wa maji machafu.

"Upi?"

Najla alikuza picha. Bomba la chuma la zamani halikuwapo. Mipira ya plastiki, mingi kama mishipa ya mkono wa mzee, ilipita ndani ya mtaro mweusi, mmoja umefungwa kwa kipande cha nailoni. Kisha akawasha video fupi. Mkono wa Haifa ulifungua koki. Maji hayakutoka. Ilitoka pumzi, sauti ya kufyonza, kama mtu anayevuta uji wa moto. Ikaendelea kitambo. Ndipo maji yakaja, meupe, mazuri kuyatazama.

Sheikha aliweka kisu chini. Katika utoto wake koki ya pale haikuwahi kupumua.

Alitafuta nambari ya Suhaib, bwana afya wa eneo lile, ambaye jumuiya ilipanga kumwonesha video ikishakamilika.

"Mama, maji Kwa Tausi yanakuja siku na siku, leo yapo kesho hayapo," Suhaib alimweleza. "Yakikatika, mpira unabaki mtupu, unafyonza. Penye ufa unavuta kilicho nje. Na nje ni mtaro."

"Lakini yanatoka meupe."

"Kipindupindu hakina rangi. Sie tunawaambia watu yote sawasawa, ya kisima na ya bomba. Chemsha mpaka yatokote. Au tia dawa ya klorini kwa kipimo chake, subiri nusu saa. Uyaweke kwenye chombo chenye mfuniko, usichovye mkono. Kwani nyinyi mmeandika nini?"

Alimwambia. Suhaib hakumlaumu, na hilo lilimtisha zaidi.

"Kuna yeyote huku kaisikia?"

"Mdogo wangu tu."

"Mpigie sasa hivi."

Simu ya Haifa iliita ikakata, ikaita tena. Dirishani mawingu ya Kilburn yalikuwa chini, mazito, na bomba la jikoni lilidondosha tone moja moja kwenye sinki. Sheikha alinyoosha mkono akalibana.

Haifa alipokea mara ya tatu. "Dada, leo umenikumbuka. Sauti yako, usiseme, imekuwa nyimbo mtaani."

"Mtaani?"

"Nimewapelekea kinamama wa chuoni. Wao wakawapelekea wenzao. Bibi Mize kaisikiliza mpaka kalia."

"Haifa, wewe unachemsha maji?"

"Ya bomba? Nimeacha. Tokea kipindupindu cha mwaka ule nilikuwa nachemsha kila kitu, na mkaa wenyewe ghali. Nikakusikia wewe, nikasema basi, bomba limeshatengenezwa, hawa wa London wamepewa habari. Wewe si unakaa na watu wa hospitali?"

Sheikha alivuta kiti akakaa. Najla alikuwa anamtazama.

"Nisikilize. Sikujua. Nilisema la zamani. Mwaga yaliyomo mtungini, usinywe hata funda. Waambie wote."

Haifa akasema taratibu, "Mtoto wa Salma, jirani hapa upenuni, anaharisha tokea alfajiri. Mama yake anasema ni meno."

"Anaharisha vipi?"

"Maji matupu. Kama yale unayooshea mchele."

"Apelekwe kituoni sasa, Haifa. Si baadaye. Mnyweshe dawa ya chumvichumvi njiani, kidogo kidogo, hata akitapika. Iwe ya maji yaliyochemshwa. Mshike Salma mkono mtoke."

Alisikia kandambili za mdogo wake zikikimbia uani, mlango ukigongwa, jina likiitwa. Najla alikuwa ameshaweka kinasa sauti mezani mbele yake na, kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa, alisema kwa Kiswahili, "Soma tena, mama. Soma sasa."

Sheikha aliukata mwanzo wake kwa mstari mwekundu, akaandika mwingine, mfupi, mkavu, usio na utamu wowote. Alikuwa anajua ya kwamba huu hakuna atakayeulilia, wala atakayempelekea mwenzake kwa furaha. Alifungua mdomo asome.

Simu ilikuwa bado iko hewani. Kule ng'ambo mtoto alilia kidogo, kilio chepesi kisicho na machozi, na mtu akauliza kanga iko wapi. Nyuma yao, kutoka dirisha la nyumba nyingine, sauti nzuri ya mwanamke ilikuwa ikiwaambia majirani wanywe ya bomba.