Shafti ya Milimita Thelathini na Tano

Mama mmoja wa Kilelengwani alileta shafti ya pampu kwenye karakana yetu hapa Garsen. Ilikuwa imelika pale inapokaa beringi, kwa hiyo kuipima kusingetuambia ukubwa wake wa mwanzo. Alikuwa pia na mchoro aliopewa na waliomuuzia pampu. Mahindi yake yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele na mvua ilikuwa imekatika. Maji ya mto yalikuwa karibu, lakini bila pampu hayapandi shambani.

Fundi, mwenye karakana, aliniachia mashine ya kukerezea. Mimi si msemaji, na kusoma kwangu ni kwa polepole, ila mchoro hauna maneno mengi. Penye beringi paliandikwa 35, na pembeni tarakimu mbili ndogo, moja juu ya nyingine: +0.018 na +0.002. Zote mbili zilikuwa za kujumlisha. Maana yake, hata shafti nyembamba inayokubalika ni nene kidogo kuliko thelathini na tano kamili. Tundu la beringi halizidi thelathini na tano, basi lazima beringi iingie kwa nguvu na ing'ang'anie.

Nilikereza shafti mpya mpaka kipimo cha mikromita kikasoma 35.01. Fundi akaijaribu beringi kwa mkono. Haikuingia. Akachukua msasa.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa desturi. Mkulima hufunga pampu yake mwenyewe ukingoni mwa mto, hana presi, mashine ya kusukumia beringi, kwa hiyo kila shafti tuliisugua mpaka beringi iteleze. Za mikokoteni hazikuleta shida. Nilimwambia fundi kwamba mchoro unataka ibane.

"Umeshakuwa injinia?" akacheka. "Kule shambani atapata wapi presi? Mama, hii utaivalisha kwa vidole."

Mama akamshukuru. Nilipima tena, ikasoma 34.97. Nikamwonyesha fundi, akasema hiyo ni unywele tu.

Wiki iliyofuata mama alirudi na pampu nzima. Beringi ilikuwa imezunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo, ikapata moto, ikaitafuna shafti na yenyewe ikaharibika. Fundi aliigeuza shafti mkononi. Kisha akautandaza mchoro mezani, akaweka kidole kwenye zile tarakimu ndogo.

"Nisomee," akaniambia.

Nikamsomea. Nilikereza nyingine, 35.01, na msasa haukuguswa. Beringi mpya tuliichemsha kwenye oili ili itanuke, fundi akaivalisha upesi kwa koleo. Ilipopoa ilishika kabisa. Tukaifunga pampu hapo hapo, tukaizungusha kwa mkono, ikaenda vizuri.

"Sasa iko sawa, mama," fundi akasema. "Hata leo unaweza kumwagilia."

Mama alikuwa akifunga kamba kwenye pampu.

"Nimwagilie nini, mwanangu? Jana nimewaita wafugaji waingize ng'ombe shambani, wale mabua."