Mkopo wa Fundi Futi na Noti Zenye Mafuta

Biashara ya kwanza kati ya Mama Ndoo na Fundi Futi ilianza kwa wizi mdogo. Mama Ndoo, muuza ndoo na mabeseni, alimpelekea fundi kitambaa cha mapazia. Mapazia yakarudi mafupi, dirisha likabaki limevaa kaptula. Hakupiga kelele. Alinunua futi yake, akarudi dukani saa ambayo wateja wamejaa, akapima mbele yao polepole. Fundi akampunguzia nusu ya malipo na kumwongezea foronya mbili, huku akicheka kama aliyeshinda yeye.

"Dada, mtu kama wewe ndiye tunayemtafuta kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa," alisema. "Njoo utuhesabie hela."

Mama Ndoo alijua kwamba mtu akikusifu kwa kumkamata, kuna kingine anachotaka usikione. Lakini alijiunga, maana kikundi kilikuwa na masharti yaliyompendeza. Walikutana kila Jumamosi nyuma ya karakana ya seremala. Sanduku la chuma lilikuwa na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiolala nyumba moja, na sanduku lenyewe lilitunzwa na mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Kila mtu alinunua hisa kulingana na mfuko wake. Kukopa, mwisho mara tatu ya hisa zako, urudishe baada ya miezi mitatu na riba ya sehemu moja ya kumi. Unachokopa kupita hisa zako, wadhamini wanakibeba kwa hisa zao. Mwisho wa mwaka hisa na faida vinagawanywa, anayetaka anaanza upya. Kila kitu kilihesabiwa kwa sauti, hata mwenye kusinzia asikie.

Naye Fundi Futi alikuwa nani? Mtoto wa mpasua mbao, aliyefundishwa kushona na mjomba wake kwa makofi mengi na nguo chache. Alianza kwa kutia viraka, akapanda hadi suti za maarusi. Futi haikushuka shingoni mwake, hata msibani. Mdomo wake ulikuwa mtamu. Mteja aliyekuja kugombana kuhusu suruali aliondoka ameagiza na shati. Kikundini walimtolea mfano: analipa siku ileile ya ahadi, anakopa tena palepale, analipa tena. "Mwacheni fundi akope," mwenyekiti wao, mkunga mstaafu, alikuwa akisema. "Hela yake ina miguu, inajua njia ya kurudi nyumbani."

Mama Ndoo hakuipenda sifa hiyo. Deni linalolipwa bila jasho, alijiambia, lina mtu mwingine anayetoka jasho.

Ikafika Alhamisi moja, miezi mitatu kabla ya mgawo. Fundi akaja bandani kwake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Dada yangu, Jumamosi namaliza laki tisa na riba yake. Hisa zangu zimefika laki nne, kwa hiyo nachukua laki kumi na mbili. Nidhamini."

"Za nini?"

"Vitambaa. Msimu unakuja."

"Hizo tisa zilikuwa za nini?"

"Vitambaa."

"Basi duka lako limejaa vitambaa mpaka darini."

Fundi akacheka. "Wewe ungekuwa polisi, jela zingefurika."

Mama Ndoo alimwambia atafikiri. Hisa zake zilikuwa laki tano, za kulipia chumba cha duka barabarani ili mvua isimnyeshee tena bidhaa. Mwenye chumba alikuwa amempa hadi siku ya mgawo. Fundi akizama, chumba kinazama naye. Jioni akapita dukani kwa fundi kuulizia bei ya shuka asiyoihitaji. Rafu zilikuwa na vipande na vumbi. Pembeni ilikaa mashine mpya ya kutarizi, imefunikwa gunia. Alikumbuka uvumi: fundi aliinunua kwa mkopo wake wa kwanza akitegemea kushona sare za shule, na shule ikampa kazi mtu mwingine.

Jumamosi kufuli zikafunguliwa, hisa zikanunuliwa, ukafika wakati wa marejesho. Fundi akaweka bunda mezani kwa madaha. Mama Ndoo akaanza kuhesabu, na vidole vikateleza. Noti zilikuwa na mafuta. Akazinusa kwa siri, kama anayefuta pua: mafuta ya nyama. Hela ya fundi cherehani hunuka pamba na mafuta ya mashine. Hii ilinuka bucha. Akakumbuka kwamba miezi mitatu nyuma pia aliondoka mkutanoni akitafuta sabuni.

Akatazama dirishani. Kwenye benchi la seremala alikuwa ameketi mwuza nyama, kijiti mdomoni, macho mlangoni. Hakuwa mwanachama.

Hapo mambo yakakaa sawa. Fundi huazima kwa mwuza nyama asubuhi, analipa kikundi, anakopa zaidi dakika ileile, anatoka nje anamrudishia na chake cha juu. Faida waliyoshangilia walikuwa wakijilipa wenyewe, na deni linanenepa kila mzunguko. Siku mwuza nyama akichoka, watabaki na mashine ya kutarizi na hadithi.

Angeweza kusema hapohapo. Hakusema. Alimaliza kuhesabu, akatangaza kwa sauti: "Laki tisa na elfu tisini. Imetimia." Akasubiri mihuri igongwe kwenye kitabu cha fundi na hela itumbukie sandukuni. Ndipo akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nina ombi. Anayemaliza mkopo leo, apumzike. Akope mkutano ujao. Hela ilale kwanza ndani ya sanduku usiku saba, tujue ni yetu."

"Unaniona mwizi?" Fundi alisimama.

"Mwizi ndiye asiyeweza kusubiri wiki. Wewe una haraka gani, kaka? Vitambaa vitaoza?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Mkunga akaita kura. Mikono ikapanda karibu yote, maana nani atakataa hela kulala salama?

Kufuli zilipolia, mwuza nyama akaingia bila hodi. "Fundi, hela yangu iko wapi?"

"Hela gani?" mkunga akauliza.

"Niliyompa asubuhi! Mama Ndoo, wewe umeishika mwenyewe!"

"Nimeshika marejesho ya mwanachama," Mama Ndoo akajibu. "Hapa hatuna deni lako. Mdai uliyempa."

Fundi alimgeukia, sauti imekwisha utamu. "Ungeniuliza pembeni, Mama Ndoo."

"Nilikuuliza Alhamisi. Ukanijibu vitambaa."

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekubali kumdhamini fundi, kwa hiyo mwuza nyama alichukua mashine ya kutarizi, akaiuza kwa hasara. Siku ya mgawo hisa za fundi na faida yake zilitoka zote, na mwuza nyama alikuwa akimsubiri mlangoni. Hata hivyo hakukamilishiwa. Tangu hapo hamkopeshi mtu hata chenji, wala hamuuzii tena Mama Ndoo hata kilo ya mifupa, hivyo Mama Ndoo hutembea hadi bucha ya mbali. Fundi anashona kwa cherehani ya kukodi, na amerudi kikundini kwa hisa moja moja. Anakopa kidogo, analipa kwa noti zenye nyuzi. Kikundi kilipata mtaji wake wote, pamoja na sharti jipya, ingawa mwaka uliofuata faida ilipungua, kwa kuwa riba ya fundi haikuwapo. Baadhi bado wanamnung'unikia Mama Ndoo kwa hilo. Huwasikiliza akiwa ndani ya chumba chake cha barabarani, akiwauzia ndoo kwa bei ileile ya watu wote.