Mtu wa Pembeni Kwenye Picha Namba Kumi na Nne

Mpiga picha aliisoma barua ya bibi harusi mara tatu, na mara zote tatu ilisema yaleyale.

"Fundi, pokea salamu. Picha zimependeza, Mungu akuzidishie. Nimechagua nne za albamu, nazirudisha na barua hii: namba sita, kumi na tatu, kumi na nne na ishirini na mbili. Naomba umkate yule mlevi wa upande wa kulia aliyekuwa akipiga kelele. Namba tisa iache, pale yuko mbali, hajulikani. Samahani kwa usumbufu, lakini mama mkwe kila akizitazama anauliza yule ni wa upande gani. Kwetu hayumo, kwao hayumo. Hata wewe ulisema humjui."

Hapo pa mwisho ndipo palipomchoma. Ni kweli, alisema hivyo. Yule mlevi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, anayelala kwenye godoro nyuma ya studio ileile. Mtaa mzima ulimwita Baragumu, na kwa koo lile hakuna aliyeuliza sababu. Siku ya harusi alimfuata kaka yake bila kualikwa, amekwisha kupitia kilabuni, shati halina vifungo, akajipanga na ndugu wa bibi harusi na kupiga vigelegele kabla wanawake hawajaanza. Mjomba wa bwana harusi akauliza, "Fundi, umekuja na huyu?" Fundi akainamia kamera. "Simjui, mzee."

Damu nzito kuliko maji, tunaambiwa, ila siku ile mbele ya watu wenye suti ilikuwa nyepesi mno.

Afanyeje sasa? Kumwandikia bibi harusi kwamba ni ndugu yake ni kujiita mwongo, na mpiga picha mwongo haitwi harusi ya pili. Akaondoa vikombe mezani, akafuta meza, akatandika mkeka wa kukatia. Akabadilisha wembe, maana wembe butu hauikati karatasi ya picha, unaichana. Juu ya namba sita akaweka karatasi safi, vidole visiache alama, akaibana rula ya chuma karibu na bega la bwana harusi, akapitisha wembe taratibu, kisha tena. Baragumu akatoka mzima mzima, kinywa wazi.

Kazi haiishii hapo. Ukipunguza pembeni peke yake, picha inabaki nyembamba kama mlango na watu wanaonekana wamebanwa. Akapunguza na juu, kwenye anga tupu. Ule ukingo mweupe nao akauondoa pande zote, usibaki upande mmoja ukamsema. Kumi na tatu na ishirini na mbili zikaenda vivyo hivyo.

Namba kumi na nne ikamshinda. Baragumu alikuwa amemwekea shangazi wa bibi harusi mkono begani, na shangazi wa watu alikuwa akicheka mpaka macho yamefumba. Wembe hauzunguki vidole. Akiusogeza ndani kuuondoa mkono, unaondoka na shavu la shangazi. Akiusogeza nje, mkono unabaki. Alipima, akapima tena, akaona hana njia. Akakata pembeni ya shavu. Vidole vinne vikabaki begani kwa shangazi, havina mwenyewe.

Alikuwa anazitia picha kwenye bahasha mlango ulipopigwa teke la kirafiki. Alikuwa Baragumu, hajalewa kabisa siku hiyo, na hilo hasa ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Kaka, za harusi zimetoka?"

Kabla hajajibiwa alikwisha kuziona zile kanda nne za picha zilizokatwa, ziko mezani. Aliziokota moja moja, akazipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Umenitoa peke yangu!" Sauti ilikuwa ndogo, si yake kabisa. "Miaka yote unapiga watu picha, kaka, mimi hujawahi kunipiga hata moja. Nikadhani unanionea aibu."

"Aibu ya nini," alisema mpiga picha.

"Na hapa mkono wangu uko wapi?"

"Ulikuwa... ulikuwa umetoka nje ya picha."

Baragumu akacheka. Akamshika kaka yake bega kwa mkono uleule, akalibana, akasema, "Asante, ndugu yangu. Asante sana." Kisha akatoka mbio barabarani na kanda zake, na mpiga picha akiwa amesimama na bahasha mkononi akamsikia kwa fundi viatu, halafu kwa muuza mkaa, akitangaza kwa ile sauti yake yote:

"Njooni muone! Kaka yangu amenipiga picha!"